Wateja milioni tatu? Sawa, wangapi wametumia huduma mwezi huu?

Wiki hii nimeisikia tena. Mteja anakaa mbele yangu, anafungua kipeperushi cha kampuni anayotaka kuingia nayo mkataba, anaweka kidole kwenye namba kubwa iliyoandikwa juu, "si unaona wana wateja milioni tatu hawa?" Kazi yangu ni kukagua kampuni kabla mtu hajaweka hela yake, na hilo neno wateja nimelisikia mpaka limenichosha, kwa hiyo leo nalieleza lote.

Dhana: wateja milioni tatu ni watu milioni tatu

Siyo. Mara nyingi hiyo ni idadi ya akaunti au laini, na akaunti siyo mtu. Chukua pesa kwa simu hapa Tanzania. Mwisho wa 2023 takwimu za TCRA zilionyesha akaunti karibu milioni 53. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, vichanga wa mgongoni wamo, na karibu nusu ya hao wote hawajafika miaka 18. Sasa hizo akaunti milioni 53 ni za nani?

Jibu unalipata ukiacha kuuliza kampuni ukaenda kuuliza watu. Utafiti wa FinScope unafanya hivyo, wanagonga hodi kwenye kaya wanamuuliza mtu anatumia huduma gani, na ule wa 2023 ulikuta asilimia 72 ya watu wa miaka 16 na kuendelea wanatumia pesa kwa simu. Watu wa umri huo ni kama milioni 34, kwa hiyo watumiaji ni kama milioni 24 na nusu. Gawanya milioni 53 kwa milioni 24 na nusu, unapata akaunti mbili na kidogo kwa kila mtumiaji. Na hapo hakuna aliyedanganya jamani, TCRA inahesabu laini, FinScope inahesabu watu, shida ni yule anayechukua hesabu ya laini akaibandika jina la watu. Ukitaka kujiona wewe mwenyewe umehesabiwa mara ngapi piga *106# kwenye kila mtandao unaotumia, angalia laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Jambo la pili ni muda, na hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Kuna aliyejisajili tangu kampuni ianze hata kama hajarudi tena, kuna aliyetumia ndani ya siku 90, na kuna aliyetumia ndani ya siku 30. Hizo ni namba tatu tofauti kabisa na zote zinaitwa wateja. GSMA, ambao ndio wanakusanya hesabu za pesa kwa simu dunia nzima, kwa 2023 waliripoti akaunti zilizosajiliwa bilioni 1.75, ila zilizotumika ndani ya siku 30 zilikuwa milioni 435. Ni robo tu! Ndo maana ushauri wangu siku zote ni huu, mtu akikupa namba ya wateja bila kusema ni ya siku ngapi, igawe kwa nne kichwani halafu mwache yeye akuthibitishie kwamba ni zaidi. Hiyo robo ni ya dunia nzima, kwa hiyo mtandao mkubwa uliozoeleka unaweza kuwa juu yake na kampuni changa iliyosajili watu kwa kugawa fulana ikawa chini sana.

Nikupe kisa chenyewe. Mama mmoja mwenye maduka Mwanza alitakiwa atoe hela ili awe msambazaji pekee wa huduma ya malipo ya kampuni fulani kwenye wilaya yake, na kilichomvutia ni hao wateja milioni tatu. Nikaanza na kitu rahisi, apu yao kwenye Play Store, ikasoma 100K+. Pale Google anaonyesha ngazi tu, 100K+ maana yake imepakuliwa mara laki moja au zaidi ila haijafika laki tano, na ni jumla ya tangu siku ya kwanza, hata walioifuta wamo. Lakini sikumwambia mama aondoke hapohapo, kwa sababu wateja wengi wa huku wanatumia menyu ya kubonyeza bila apu, na hao Play Store haiwaoni, kwa hiyo apu peke yake haitoshi kumhukumu mtu. Tukawaandikia barua yenye swali moja: ni wateja wangapi tofauti, kwa namba ya simu, wamefanya angalau muamala mmoja wa kulipia ndani ya siku 30 zilizopita, na wangapi wako mkoa wa Mwanza? Neno "tofauti" usilisahau maana bila hilo watakuhesabia miamala, na neno "kulipia" linaondoa wale walioangalia salio tu. Majibu yalichukua wiki tatu. Nchi nzima 190,000, Mwanza 6,000 na kidogo. Ada waliyotaka ilikuwa imepigiwa hesabu ya milioni tatu, na mama akawarudisha mezani wajadili bei upya kwa wale 6,000.

Dhana: "kubwa kuliko zote ukanda huu" ni kitu kimoja

Kubwa kwa nini, na ukanda upi? Angalia mabenki ya Kenya mwaka 2023. Kwa jumla ya mali KCB ilikuwa mbele, kama shilingi za Kenya trilioni 2.17 dhidi ya Equity trilioni 1.82. Kwa faida baada ya kodi Equity ndo ilikuwa mbele, bilioni 43.7 dhidi ya 37.5. Mwaka uleule, kila mmoja angeweza kusema yeye mkubwa na asiwe mwongo. Halafu ukiingiza Ethiopia kwenye Afrika Mashariki, Commercial Bank of Ethiopia, yenye mali za zaidi ya birr trilioni 1, ilikuwa juu ya wote wawili kwa dola. Kisha Julai 2024 Ethiopia ikaachia birr ipangwe na soko, ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa dola ndani ya miezi michache, benki ileile matawi yaleyale ikawa ndogo kwenye jedwali. Kwa hiyo mwambie akutajie kipimo, mwaka, nchi zilizohesabiwa na sarafu. Mabenki yetu yanachapisha hesabu kila robo mwaka gazetini na kwenye tovuti zao, kuyalinganisha ni kazi ya nusu saa.

Dhana: namba iko kwenye ripoti ya mwaka, na ripoti imekaguliwa

Hii nayo inanikera. Mkaguzi anatoa maoni kuhusu taarifa za fedha, zile kurasa za mizania, mapato na matumizi, mtiririko wa fedha na maelezo yake. Kurasa za mbele zenye picha na salamu za mwenyekiti, ambako ndiko "wateja milioni" wanakaa, anazisoma kuona kama hazigongani na hesabu, lakini hazitolei maoni. Fungua ripoti ya mkaguzi, tafuta sehemu ya "taarifa nyingine", ameandika mwenyewe kwamba hazithibitishi.

Ila kutoka kwenye zile kurasa zilizokaguliwa unaweza kupata kitu. Chukua mapato ya ada ya mwaka, gawa kwa wateja wanaotajwa. Ukikuta kila mteja analeta shilingi 400 kwa mwaka mzima, na muamala mmoja tu wa kampuni hiyo unatozwa zaidi ya hapo, basi kati ya hao wateja wapo ambao hawajafanya hata muamala mmoja, na kadiri tozo inavyoizidi hiyo 400 ndivyo wanavyokuwa wengi.