Utoro wa bwawa: dhana potofu ninazozisikia kila mvua zinapokaribia

Simu huwa ni ileile. Msimu uliopita bwawa lilijaa, maji mengi yakapita kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, yakaenda zake, na mwenye bwawa ameumia kuyaona yakipotea. Basi amepanga viroba vya mchanga au amemwaga zege juu ya kizingiti cha utoro ili maji yakae juu zaidi, na anachotaka kwangu ni neno moja tu: kwamba hakuna tatizo.

Dhana: "Tuta bado lina zaidi ya mita moja juu ya maji, kuinua kizingiti kidogo hakudhuru."

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu anayeisema huwa ameangalia bwawa siku ya jua, maji yametulia, na kile kipande kikavu cha tuta akakiona kama nafasi ambayo haina kazi. Kina kazi chote. Maji hayawezi kupita kwenye utoro bila kwanza kupanda juu ya kizingiti, na mafuriko yakiwa makubwa yanapanda sana. Kwa hiyo kimo cha kutoka kizingitini hadi kilele cha tuta kina sehemu mbili: ya chini ni kina cha mafuriko yanapopita utoroni, na ya juu ni kimo kikavu kinachotakiwa kubaki hata mafuriko yanapofikia kiwango chake cha juu kabisa.

Tupige hesabu ya bwawa moja dogo. Dakio lake, yaani eneo lote ambalo maji yake ya mvua huteremkia bwawani, ni kilomita za mraba 2, malisho na mashamba, nalo nalipa mgawo wa mtiririko, yaani sehemu ya mvua inayotiririka, wa 0.4. Mvua ya miaka 100, kwa muda ambao maji huchukua kutoka pembe ya mbali ya dakio hadi bwawani, tuiweke milimita 72 kwa saa. Mafuriko ya usanifu, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni:

```
Q = C × I × A / 3.6
Q = 0.4 × 72 × 2 / 3.6 = 16
```

Utoro una upana wa mita 10 na kizingiti bapa. Uwezo wake unategemea upana L na kina cha maji H juu ya kizingiti:

```
Q = 1.6 × L × H^1.5
16 = 1.6 × 10 × H^1.5
H = 1.0
```

Yaani mafuriko hayo yatapita yakiwa na kina cha mita 1 juu ya kizingiti. Bado mawimbi. Upepo ukivuma juu ya maji kwa urefu wa mita 400 kuelekea tuta, kanuni tunayotumia kwa mabwawa madogo, 0.014 mara kipeuo cha pili cha urefu huo, inatoa wimbi la mita 0.28. Wimbi likigonga mteremko wa tuta hupanda zaidi ya hapo, kwa hiyo kimo kikavu nakiweka mita 0.5. Jumla ni mita 1.5. Tuta hili limejengwa hivyo hasa, hakuna hata sentimita iliyozidi.

Sasa panga viroba vya sentimita 40. Kutoka kizingiti kipya hadi kileleni zimebaki mita 1.1. Ukiheshimu kimo kikavu, maji yanabaki na mita 0.6 za kupitia. Na hapa ndipo watu hukosea: wanadhani kina kikipungua kwa asilimia 40, uwezo nao utapungua kwa asilimia 40. Hapana. Kina kinapandishwa kwa kipeo cha 1.5, kwa hiyo uwezo unashuka kutoka 16 hadi takriban 7.4. Zaidi ya nusu ya uwezo imeondoka kwa viroba vya sentimita 40.

Mafuriko hayatajua kuwa umeweka viroba. Yatakuja na 16 zilezile, yatahitaji mita 1 ileile juu ya kizingiti kipya, na maji yatasimama sentimita 10 chini ya kilele huku mawimbi ya sentimita 28 yakiligonga tuta. Kama katikati ya tuta pametitia kwa sentimita 15, jambo la kawaida kwa udongo ambao haukushindiliwa vizuri, maji hayahitaji hata wimbi. Yanapita juu ya tuta pale pale kwenye bonde. Yakishapita, hukata udongo kuanzia mteremko wa nyuma na kitako cha tuta, na mkato hurudi nyuma kuelekea kileleni mpaka tuta linafunguka. Tuta la udongo halijengwi kupitisha maji juu yake.

Wengine hunijibu kuwa mafuriko yataviondoa viroba yenyewe. Vikiondoka vyote kwa mpigo umewapelekea walioko chini wimbi la ghafla; visipoondoka, hesabu ni hiyo hapo juu. Tena kiini cha udongo wa mfinyanzi mara nyingi kiliishia karibu na kiwango cha maji ya usanifu. Ukiinua maji, yanaweza kukaa juu ya kiini kwa miezi na kupenya pale ambapo hakuna cha kuyazuia.

Kama kweli unataka maji zaidi, panua utoro kwanza. Kwa kina cha mita 0.6 bwawa hili linahitaji upana wa takriban mita 22, yaani zaidi ya mara mbili ya uliopo, na upana huo uendelee mpaka mahali ambapo maji yameshateremka mbali na tuta. Huwezi kufanya hivyo? Inua tuta zima pamoja na kiini chake, au liache bwawa lilivyo.

Na kabla ya hesabu yoyote, pima. Chukua pimamaji au mpira wenye maji, soma kilele kila mita 10 kutoka upande hadi upande, na tumia alama ya chini kabisa, si wastani. Nimeshaona tuta ambalo kwenye mchoro lina mita 1.5 na uwanjani, katikati, lina mita 1.2.

Dhana: "Mafuriko ya miaka 100 huja mara moja kwa miaka 100." Maana yake ni uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka, hata kama yalikuja mwaka jana. Kwa bwawa litakalodumu miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26.

Dhana: "Tutafungua bomba la chini kusaidia." Bomba la milimita 150 lenye mita 4 za maji juu yake halifikishi hata lita 100 kwa sekunde. Mafuriko yetu ni lita 16,000 kwa sekunde.

Dhana: "Mafuriko yatakuta bwawa liko nusu." Mvua kubwa mara nyingi hunyesha juu ya mvua nyingine. Hesabu inaanza bwawa likiwa limejaa hadi kizingitini. Nafasi iliyo juu ya kizingiti hupunguza kilele cha mafuriko kwa kiasi fulani, na mhandisi anaweza kukikokotoa. Nusu tupu ya kubahatisha haiingii kwenye hesabu.

Dhana: "Uzio wa waya kwenye utoro hauzuii maji." Unazuia takataka, na takataka ndizo zinazozuia maji. Bwawa la udongo la South Fork, Pennsylvania, lilipasuka tarehe 31 Mei 1889 na kuua zaidi ya watu 2,200 huko Johnstown na vijiji vya njiani. Wamiliki walikuwa wameweka nyavu za kuzuia samaki kwenye utoro, wamepunguza kimo cha tuta ili magari ya farasi yapite juu yake, na katikati ya tuta palikuwa pamebonyea. Ukitaka kuzuia ng'ombe, weka uzio mbali na utoro, ukiuzungushia upande wa nchi kavu ambako maji ya mafuriko hayafiki.