Uji wa lishe ni maji ya moto yenye unga kidogo

Wiki hii nimeulizwa tena. Safari hii ni mama mmoja aliyekuja na mfuko wa unga wenye nafaka saba, soya, karanga, mbegu za maboga na "vitu vingine vya asili". Bei aliyoutolea angepata trei ya mayai na maziwa juu. Swali lake: "Daktari, binti yangu anywe vikombe vingapi kwa siku ili anenepe?" Mimi si daktari, ni afisa lishe, lakini hilo nimeshachoka kulisahihisha. La uji bado sijachoka, kwa hiyo naliandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nimtumie kiungo.

Kwanza hizo nafaka saba. Mahindi, ulezi, mtama, uwele, mchele, ngano: gramu 100 za unga mkavu wa yoyote kati ya hizo zina kalori kama 350, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Changanya mbili, changanya saba, gramu 100 zitabaki na kalori zilezile 350 na ushee. Zote ni kundi moja la chakula. Anayekuuzia nafaka saba amekuuzia kitu kimoja mara saba.

Halafu huo unga hauliwi mkavu, unapikwa kwa maji mengi. Kwa uji unaonyweka, nusu lita inachukua vijiko vitano hivi vya chakula, yaani gramu 50. Hapo una kalori 180 au chini yake. Tia vijiko viwili vya chai vya sukari, unafika kama 220. Sasa chukua karanga za kukaanga, kiganja kimoja kilichojaa vizuri, gramu 40: zina kalori 230 hivi. Karanga zitaisha ukiwa unaongea na mteja na saa moja baadaye utakula chakula chako kama kawaida. Nusu lita ya uji itakukalia tumboni, na sahani ya mchana utaiacha nusu. Kwa hiyo mtu mwembamba anayekunywa jagi la uji kabla ya chakula anaweza kabisa kuishia na kalori chache kuliko asiyeunywa. Nimeliona hili mara nyingi, na mhusika kila mara ananiambia, "Lakini dada, nakunywa wa lishe."

Karanga na soya ndani ya unga ni suala jingine, nalo linaniudhi zaidi. Soya mbichi ina kizuizi kinachosumbua usagaji wa protini tumboni. Lazima ichemshwe au ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, na kwenye mfuko uliosagwa tayari huna namna ya kujua kama hilo lilifanyika. Karanga zikishasagwa, mafuta yake yanaanza kuchacha, na wiki chache kwenye joto letu zinatosha unga kunuka mafuta ya zamani. Kubwa kuliko yote ni sumukuvu. Karanga na mahindi ndiyo mazao yanayoongoza kuishika, haionekani kwa macho, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, kwa hiyo sitishii watu bure. Karanga nzima unaweza kuzichambua, ukatupa zilizokunjamana, zenye ukungu na zilizobadilika rangi. Kwenye unga utachambua nini? Unga wako uwe wa nafaka moja au mbili. Karanga ziingie sufuriani siku ya kupika, kama siagi ya karanga au karanga ulizozitwanga mwenyewe.

Sikatazi uji, jamani. Nakataza maji. Tatizo la uji ni kwamba ukiongeza unga unakuwa mzito kama gundi na hakuna atakayeweza kuunywa. Bibi zetu walilitatua hili kwa kimea. Ulezi unalowekwa usiku mmoja, unachipuzwa siku mbili tatu, unaanikwa mpaka ukauke kabisa, unasuguliwa vichipukizi vidondoke, unasagwa. Pika uji mzito ambao mwiko unasimama. Uepue, uache upoe mpaka uwe wa moto unaovumilika mdomoni, kisha tia kijiko kimoja cha unga wa kimea na ukoroge. Ndani ya dakika chache unauona unalegea mbele ya macho yako, unamiminika, na unga wote bado umo ndani. Urudishe jikoni uchemke tena, kwa sababu nafaka iliyochipuzwa majumbani mara nyingi ina vijidudu. Ukikitia kimea kwenye uji unaotokota hakitafanya kazi, maana moto unaua kile kinachoyeyusha wanga. Na tumia ulezi, usitumie mtama: vichipukizi vya mtama vina sumu ya sianidi.

Nikupe mfano wa mtu. Dada wa miaka 27, wakala wa pesa za simu, anakaa kwenye kibanda kuanzia asubuhi hadi usiku. Urefu sentimita 163, uzito kilo 46. Gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, unapata 17.3, na mtu mzima tunaanza kumwita mwenye uzito pungufu akiwa chini ya 18.5. Kwake yeye mstari huo uko kwenye kilo 49 na kidogo. Uzito haukuwa umeshuka, alikuwa hivyo kwa miaka. Hana kikohozi, hedhi inakuja kwa mpangilio, kipimo cha VVU, sukari na wingi wa damu vilikuwa sawa. Minyoo? Alishameza dawa mara mbili. Imezeni, haina neno, ila kwa mtu mzima minyoo mara chache ndiyo inayoeleza wembamba wote huo.

Siku yake ilikuwa hivi: saa 1 asubuhi chai ya rangi na chapati moja. Saa 6 uji nusu lita, alioletewa kwenye chupa. Saa 9 alasiri wali maharage, anakula nusu kwa kuwa kashashiba na wateja wamepanga foleni. Saa 3 usiku ugali na dagaa, kidogo, kwa uchovu. Anaamini anakula sana, na ukipima kwa ujazo ni kweli anakula sana.

Hatukumwongezea sahani hata moja. Chai ikawa ya maziwa. Uji ukawa kikombe cha mililita 300 badala ya nusu lita: unga uleule gramu 50 kwa kimea, nusu ya maji ikabadilishwa kwa maziwa, kijiko cha chakula cha siagi ya karanga, sukari ileile. Hapo unafika kama kalori 400, karibu mara mbili ya ule wa zamani, kwa ujazo mdogo. Ukahamishiwa saa 11 jioni, baada ya chakula cha mchana na si kabla. Saa 4 asubuhi karanga, zinakaa kwenye kopo chini ya meza. Wali wa mchana ukasogezwa hadi saa 7 na kuongezwa nusu parachichi, kama kalori 160. Lisipokuwa msimu wa parachichi, kijiko cha mafuta ya alizeti juu ya maharage, kama kalori 120. Protini hatukuigusa, maharage, dagaa na maziwa vilimtosha.

Kwenye karatasi nyongeza hiyo inazidi kalori 500 kwa siku, na hesabu ya vitabuni inasema upate karibu nusu kilo kwa wiki. Hakupata. Alipata robo kilo, wiki nyingine sifuri, akafika kilo 49 mwezi wa tatu. Hapa ndipo mabango yetu ya kliniki yanaponyamaza. Ukiongeza mchana, mwili unapunguza usiku bila kukuuliza, na kuna watu ambao wakila zaidi wanachangamka, wanatembeatembea, wanachoma sehemu ya nyongeza. Ndiyo maana nasema 300 hadi 500 za ziada, kisha mizani iamue. Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi, baada ya haja, mizani ileile. Mizani ya duka la dawa leo na ya gym kesho itakudanganya kilo nzima. Wiki tatu bila mabadiliko, ongeza kitu kimoja kidogo.

Kuhusu kula mara tano au sita kwa siku, niseme ukweli ambao wenzangu hawapendi kuusema: idadi ya milo yenyewe haina uchawi. Kinachohesabika ni jumla ya siku. Tunagawa kwa sababu mtu mwembamba anashiba haraka, basi. Kama wewe unaweza kumaliza sahani tatu kubwa, kula tatu. Na mazoezi ya kunyanyua vitu vizito mara mbili tatu kwa wiki yanasaidia sehemu ya uzito iwe misuli. Maji na juisi, kunywa baada ya kula.

Jambo moja linanisumbua. Kuna watu wana 18 kwa hesabu ile ya kilo na urefu tangu ujana, wana nguvu, hawaugui, na ukoo wao wote uko hivyo. Wanakuja kwa sababu mawifi wamewasema. Miongozo inanipa namba. Siku hizi napima, nikiona mambo ni sawa nawaambia wasijitese kwa chakula.

Wa kupimwa haraka ni mtu ambaye uzito umeshuka wenyewe. Kilo 60 kuwa 57 ndani ya miezi sita bila kujinyima si jambo la parachichi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho la usiku: kapime kifua kikuu. Unakula sana, una kiu, unakojoa mara kwa mara na unakonda: sukari. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, joto lisiloeleweka: tezi ya shingo. Kuharisha kusikoisha, damu chooni, chakula kukwama kooni, hedhi kukatika, huzuni inayoondoa hamu ya kula, kujitapisha: nenda. Na ukiwa chini ya 16 kwa hesabu hiyohiyo, au hujala kitu cha maana kwa siku tano na zaidi, usianze kujishindilia nyumbani. Mwili uliofungwa muda mrefu ukipewa chakula kingi ghafla, madini ya damu yanaporomoka na moyo unaweza kusimama. Hao wanaanzishwa hospitali, kidogo kidogo.

Na vile vidonge vya kunenepa vinavyouzwa kwa vikaratasi. Mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, ikichanganywa na deksamethasoni, dawa kali inayoiga homoni ya mwili. Mashavu yanajaa kwa maji na mafuta, sukari na presha vinapanda, mifupa inaliwa. Kama umezimeza kwa wiki kadhaa, usiache ghafla leo kwa sababu umesoma hapa: mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe na unaweza kuzimia. Nenda kituo cha afya, ubebe na vidonge vyenyewe, hata kama vimebaki viwili.