Mtoto mchanga akiwa wa manjano: maziwa, jua na hospitali

Rangi ya manjano hutokana na bilirubini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Ini la mtoto bado changa na haliwahi kuyaondoa yote, ndiyo maana watoto wengi huanza kuwa wa manjano siku ya pili au ya tatu, mama akiwa amesharuhusiwa kwenda nyumbani. Kwa weusi wa ngozi zetu, mpeleke penye mwanga wa mchana umtazame weupe wa macho na fizi, kisha umbonyeze ncha ya pua uone rangi iliyobaki.

Bilirubini hutoka zaidi kwa choo. Choo kikichelewa, utumbo huirudisha kwenye damu. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya nyumbani ni ziwa, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku pia. Akisinzia, mvue nguo, mkune nyayo, mbadilishe nepi, umrudishe ziwani. Maji ya glukosi yanajaza tumbo tu na kumkosesha maziwa.

Niliwahi kumpokea mtoto wa siku tano aliyesifiwa nyumbani kwa upole: halii, analala saa tano mfululizo. Alizaliwa na kilo 3.2, mizani ikasoma 2.8. Nepi zilizolowa zilikuwa mbili kwa siku na choo bado cheusi, ilhali siku ya tano tunatarajia nepi sita na choo cha njano. Hakuwa mpole, alikuwa na njaa na bilirubini imepanda. Bibi yake alikuwa akimwanika dirishani kila asubuhi.

Taa za hospitali hutoa mwanga wa bluu uliopimwa, mtoto akiwa uchi, macho yamefunikwa, kwa saa nyingi mfululizo, huku tukipima damu na joto lake. Nusu saa ya jua haifikii hapo. Jua kali humkausha na kumbabua, la asubuhi yenye baridi humpoza. Baya zaidi, familia husubiri jua lifanye kazi huku siku zinapita. Yule mtoto alikaa kwenye taa siku mbili, akinyonya vizuri, akapona.

(Nguo zilizohifadhiwa na vidonge vya naftalini zisimguse. Kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe nyekundu za damu, ambao kwetu si wachache, naftalini huvunja chembe hizo ghafla.)

Mrudishe hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane, kama manjano yameonekana kabla hajatimiza saa 24, yamefika viganjani na nyayoni, hanyonyi, haamki, amelegea au anajikunja mgongo kwa nyuma, analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, ana homa au degedege. Bilirubini ikiingia kwenye ubongo, madhara yake hayaondoki.

Mtoto aliyetimiza miezi tumboni akipita siku 14 akiwa bado wa manjano, apimwe hata kama ananenepa. Choo kikiwa cheupe kama chokaa au mkojo ukiwa mweusi, usingoje siku hizo: huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaa zaidi kabla ya siku 60. Njoo na nepi yenyewe, daktari aione.