Wimbo wa makumi: kutoka kumi hadi mia

Kuhesabu kwa makumi ni kuruka kumi kila hatua: kumi, ishirini, thelathini, mpaka mia. Mtoto anayejua moja hadi kumi anahitaji majina manane mapya tu, kisha mia. Kwa bahati yote manane huishia na "-ini", kwa hiyo kina kimekwisha kuwepo kabla hatujatunga chochote.

Ugumu uko kwingine. Sitini, sabini na tisini zinasikika ndani ya sita, saba na tisa, maana zote ni za asili ya Kiarabu. Lakini mbili haisikiki katika ishirini, wala tano katika hamsini, kwa sababu mbili, tatu, nne, tano na nane ni za Kibantu, ilhali makumi yake yametoka Kiarabu. Wimbo mzuri basi huitaja namba ndogo kwanza, ndipo ukataja jina lake kubwa:

Kumi moja tu, bado ni kumi,
Makumi mawili, ishirini,
Makumi matatu, thelathini,
Makumi manne, arobaini,
Makumi matano, hamsini,
Makumi sita, ndiyo sitini,
Makumi saba, ndiyo sabini,
Makumi manane, themanini,
Makumi tisa, ndiyo tisini,
Makumi kumi, sasa ni mia!

Sikiliza "ma-". Inashika mawili, matatu, manne, matano na manane, na hizo ndizo namba ambazo jina la makumi yake halifanani nazo. Sita, saba na tisa hazibadiliki, na majina yake yanafanana. Mtoto haelezwi hayo. Sikio lake litayazoea.

Usifupishe ukasema "kumi mbili". Mtoto atasikia "kumi na mbili", na hiyo ni 12, si 20.

Mistari ina mizani kumi kumi, isipokuwa wa arobaini wenye kumi na moja. Uacheni hivyo, watoto huimeza silabi moja wenyewe.

Kila mstari uwe na kitu mkononi. Funga vijiti kumi kumi kwa uzi, upate mafungu kumi, na uweke fungu moja mezani kwa kila mstari. Mkifika "makumi manne", mwambie afungue mafungu yaliyopo na kuhesabu kijiti kimoja kimoja. Akifika 40 mwenyewe, neno arobaini limepata mwili.

Wanaokosea mara nyingi hukosea penye sauti zinazokaribiana: thelathini na themanini huanza sawa, sitini na tisini hupishana kidogo tu. Akitoka ishirini akarukia themanini, rudini kwenye mafungu matatu, msirudie wimbo mzima.

Jaribio langu ni moja. Weka mafungu sita, uliza ni vijiti vingapi, kisha ongeza fungu moja. Akisema "sitini, sabini" papo hapo, amejua. Akilazimika kuanzia kumi na kuimba hadi afike, bado ameshika wimbo tu, hajashika namba; endeleeni kuanzia katikati, leo hamsini, kesho themanini.