Je, wajua? Anwani ya IP ya peke yako huanza bila sifa yoyote

"Barua pepe zetu kwa wateja zinaangukia kwenye barua taka. Tukilipia anwani ya IP ya peke yetu, tuachane na hii tunayochangia na wengine, zitafika?"

Anwani ya IP ni namba inayotambulisha seva inayotuma barua zako. Tuchukue muuzaji wa miche ya mizabibu hapa Dodoma, mwenye orodha ya watu 6,000 anaowaandikia mara mbili kwa mwezi. Kwake huenda hali ikawa mbaya zaidi.

Wengi hudhani IP ya kuchangia ni chafu kwa sababu ya majirani, na ya peke yako ni safi. Sivyo. IP mpya haina sifa nzuri wala mbaya. Ni kama mgeni aliyehamia mtaani juzi, anayetaka kukopa unga dukani: mwenye duka hana ugomvi naye, ila daftari halina jina lake. Humpa kidogo, huangalia kama atalipa, ndipo humwongezea. Gmail na Yahoo hufanya vivyo hivyo. Ndiyo maana IP mpya huanza na barua chache kwa siku, kwa wasomaji wanaozifungua kweli, kisha idadi hupandishwa taratibu kwa wiki kadhaa. Na cha ajabu, daftari hilo husahau: IP ikikaa kimya takribani siku 30, kazi huanza upya. Barua 12,000 kwa mwezi, zinazotoka kwa siku mbili tu, hazitoshi kulijaza. Kwenye IP ya kuchangia, wengine huendelea kutuma siku anazonyamaza.

Watoa huduma wengi hupendekeza IP ya peke yako kuanzia kama barua 100,000 kwa mwezi. Si sheria, anayetuma kila siku bila kukatiza ana nafuu kuliko anayetuma zote kwa mkupuo.

Sasa orodha yenyewe. Anwani zake nyingi ziliandikwa kwa kalamu kwenye maonyesho ya Nane Nane, Nzuguni, na nyingine zikachapwa `gmail.con`. Tuseme 420 kati ya 6,000 zinarudi: hiyo ni asilimia 7. Amazon SES, huduma ya kutuma barua pepe, huiweka akaunti chini ya uangalizi barua zinazorudi zikifika asilimia 5, na huweza kuisimamisha zikifika 10. Gmail nayo hutaka malalamiko ya "hii ni taka" yasifike asilimia 0.3, yaani watu 3 kwa kila 1,000. Akihamia IP ya peke yake, makosa yote yanabaki juu yake, na sifa ya kikoa chake, yaani jina linalofuata alama ya @, inamfuata huko huko.

Majirani wabaya wapo kweli, lakini huacha alama. Soma ujumbe wa barua iliyokataliwa: ukitaja IP na orodha ya kuzuia kama ya Spamhaus, mwandikie mtoa huduma akuhamishie kundi jingine. Ukisema tu `550 5.1.1`, mpokeaji hayupo. Futa anwani hiyo.