Kukana kosa la trafiki mahakamani Kenya: dhana potofu na ukweli

Tuchukue mfano wa dereva wa Probox anayesimamishwa asubuhi katika barabara ya Thika, karibu na Roysambu. Afisa anamwambia ameonekana akizungumza kwa simu huku gari likienda. Dereva anasema simu ilikuwa mfukoni, na kwamba alikuwa ameegemeza shavu kiganjani huku foleni ikijikokota. Hakuna picha wala video. Ni neno la mmoja dhidi ya la mwenziwe.

Katika orodha ya makosa madogo ya trafiki iliyotolewa mwaka 2016, faini ya kutumia simu ukiendesha ni shilingi 2,000. Kiasi hicho ndicho kinachowafanya madereva wengi walipe kosa ambalo hawakulifanya. Haki ya kukana wanayo, lakini mambo wanayoyasikia kwenye steji na vituo vya petroli huwakatisha tamaa kabla hawajafika mbele ya hakimu.

"Ukikana, utalala ndani"

Hofu hii ndiyo huwatisha watu kuliko zote, na ina majibu ndani ya Katiba yenyewe. Kifungu cha 49(2) kinasema mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee, au kifungo kisichozidi miezi 6. Makosa madogo mengi ya trafiki yamo humo. Kukana kosa si utovu wa adabu wa kumfanya hakimu akuadhibu. Ni jibu ambalo sheria inalitarajia kama inavyotarajia lile jingine.

Hutokea kwamba dereva ameshatoa pesa taslimu kituoni kama dhamana, akaambiwa afike mahakamani siku fulani. Hapa pana kosa jingine la kuelewa: wengi hudhani pesa hizo ndizo faini, kwa hiyo hawarudi. Siku ya kesi jina linaitwa, hawapo, dhamana inachukuliwa na serikali na kibali cha kuwakamata kinatolewa. Dhamana ni ahadi ya kufika, na kesi ikiisha hurudishwa kwa aliyeiweka iwapo masharti yalitimizwa. Kwa hiyo usiondoke kituoni bila risiti rasmi yenye jina lako na kiasi ulichotoa. Pesa isiyo na risiti haitajulikana mahakamani, hata kama afisa aliyeichukua anakukumbuka vizuri.

"Sema ni kweli, ulipe, uende kazini. Ukiona umeonewa utakata rufaa"

Ushauri huu umewaumiza watu wengi, na mara nyingi hutolewa kwa nia njema na watu waliokaa kwenye benchi moja wakisubiri kuitwa. Ubaya wake ni kwamba unafunga mlango ambao dereva anadhani ameuacha wazi.

Kifungu cha 348 cha Sheria ya Utaratibu wa Mashtaka ya Jinai, Sura ya 75, kinasema aliyekubali kosa mbele ya hakimu na kuhukumiwa kwa kukubali kwake hawezi kukata rufaa kupinga kupatikana na hatia. Anachoweza kupinga ni ukubwa wa adhabu au uhalali wake. Dereva wetu wa Probox akisema "ni kweli" ili awahi abiria wake, kisha jioni akaamua kudai kwamba hakuishika simu, rufaa yake haina pa kusimama, isipokuwa aonyeshe kwamba ukubali wenyewe haukuchukuliwa inavyotakiwa.

Na unatakiwa kuchukuliwaje? Hatua hizo ziliwekwa wazi katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, na mahakama za Kenya huzirejelea hadi leo. Shtaka husomwa kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa. Jibu lake huandikwa, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Akikubali, kiongozi wa mashtaka hueleza jinsi mambo yalivyotokea, na mshtakiwa hupewa nafasi ya kuyapinga maelezo hayo au kuongeza lake. Akiyapinga, au akisema jambo linaloonyesha hakutenda kosa, hakimu anapaswa kuandika kwamba amekana.

Kwa hiyo "ni kweli, lakini sikuwa na simu mkononi" si ukubali. Ni kukana kulikovaa nguo za ukubali, na hakimu makini atalinasa. Lakini asubuhi yenye majalada mengi usitegemee kunaswa. Kama hukufanya, jibu ni fupi: "Si kweli." Usianze kujitetea hapo hapo. Siku ya kujibu shtaka si siku ya ushahidi, na dereva anayejieleza sana wakati huo huishia kukubali nusu ya jambo bila kujua. Kama lugha ya korti inakupiga chenga, sema mapema: Kifungu cha 50(2)(m) cha Katiba kinakupa mkalimani bila malipo.

"Hawana picha, kwa hiyo hawana kesi"

Hapa wanaojiamini ndio huanguka. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, katika kifungu cha 143, inasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayohitajika kuthibitisha jambo, ila pale sheria nyingine inaposema vinginevyo. Afisa mmoja aliyesimama kando ya barabara akaeleza alichokiona anaweza kutosha, hakimu akimwamini. Kukosekana kwa picha kunapunguza uzito wa kesi ya upande wa mashtaka, lakini hakuifuti.

Kasi ndiyo ina kinga ya pekee. Kifungu cha 43(3) cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hakiruhusu mtu ahukumiwe kwa kwenda kasi kupita kiasi kwa maoni tu ya shahidi mmoja kwamba gari lilikuwa likikimbia. Kuna sababu nzuri: jicho hukadiria kasi vibaya, hasa gari linapokujia moja kwa moja. Ndiyo maana kesi za kasi huja na kipimo cha mashine, na mabishano huhamia kwenye mashine hiyo na aliyeiendesha. Ila kinga hiyo haivuki kwenda kwenye simu, mkanda au taa nyekundu. Anayesimama mahakamani akidai kwamba shahidi mmoja hatoshi katika kesi ya simu amesikia sheria ya kweli na kuipeleka pasipo pake.

Basi dereva wa Probox apigane vipi? Kwanza aombe taarifa ya shahidi na ushahidi wowote mwingine kabla ya siku ya kusikizwa. Hii ni haki iliyo katika Kifungu cha 50(2)(j) cha Katiba, na hulazimiki kuwa na wakili ili uiombe: mwambie hakimu, baada ya kukana, kwamba unaomba kupewa taarifa za mashahidi. Taarifa ikifika, isome ukiilinganisha na hati ya mashtaka. Saa inalingana? Mahali ni pale pale? Namba ya gari ni sahihi?

Kisha atayarishe maswali ya kumhoji afisa, na maswali hayo yahusu alichoweza kuona. Alisimama upande gani wa barabara? Gari lilikuwa umbali gani alipoiona simu? Katika njia ya ngapi? Kulikuwa na magari mangapi kati yao? Vioo vilikuwa vimefungwa, na jua lilikuwa likipiga upande upi? Simu ilikuwa katika mkono upi, na ilikuwa ya rangi gani? Afisa akisema mkono wa kulia, na taarifa yake inasema wa kushoto, hapo kuna jambo. Akisema aliona simu sikioni kupitia kioo cheusi akiwa ng'ambo ya barabara, hapo pia. Ulizeni kwa upole, swali moja moja. Kumwita afisa mwongo hakusaidii. Mtu anaweza kuona mkono shavuni akaamini kwa dhati kwamba ameona simu, na hakimu hulikubali hilo kwa urahisi zaidi kuliko hadithi ya chuki.

Wengi hutaka kuleta orodha ya simu zilizopigwa. Inaweza kusaidia, hasa kama shtaka linataja saa kamili, lakini ina pengo kubwa: haionyeshi mazungumzo ya WhatsApp wala kusoma ujumbe. Video ya kamera ya kwenye gari ina nguvu zaidi ikiwa inaonyesha ndani, ila ushahidi wa kielektroniki huhitaji cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, kinachoeleza ulivyotolewa na kifaa kilichotumika. Video nzuri isiyo na cheti inaweza kukataliwa. Abiria aliyekaa kiti cha mbele, akafika na kueleza alichokiona, mara nyingi ni rahisi zaidi kumleta.

"Afisa asipofika, kesi imekufa"

Mara nyingine hufa, lakini si kwa njia watu wanayoidhani. Kifungu cha 202 cha Sura ya 75 kinamruhusu hakimu kumwachilia mshtakiwa mlalamishi asipofika, lakini katika kesi ya polisi mlalamishi ni Jamhuri, na Jamhuri ipo pale kupitia kiongozi wa mashtaka. Afisa aliyekusimamisha ni shahidi. Asipofika mara ya kwanza, kesi kwa kawaida huahirishwa.

Ukiahirishiwa, simama upinge kwa heshima na uombe sababu iandikwe. Ahirisho la pili na la tatu likija, maandishi hayo ndiyo yatakayomfanya hakimu akatae kuahirisha tena. Upande wa mashtaka ukibaki bila shahidi, unaweza kufunga kesi yake, nawe ukaachiliwa chini ya kifungu cha 210 kwa kuwa hakuna la kujibu. Au upande huo wa mashtaka unaweza kuiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a). Tofauti ni kubwa: kuondolewa kabla hujaitwa kujitetea hakuzuii kushtakiwa tena kwa jambo lile lile, kuachiliwa chini ya 210 kunamaliza. Karani akikuambia "kesi imeisha", uliza imeisha kwa kifungu kipi.

Gharama ya yote haya ni siku za kazi, na haki haikulipi nauli. Mtu akiamua kulipa 2,000 baada ya kuyajua haya, ni uamuzi wake. Lakini kwa dereva anayeishi kwa leseni yake, rekodi ya hatia ambayo hakuistahili ina uzito usiohesabika kwa nauli, na akihukumiwa baada ya kukana bado ana siku 14 za kukata rufaa Mahakama Kuu, dhidi ya hatia na adhabu pia. Akiachiliwa, na alikuwa ameweka dhamana, apeleke risiti ile ya kituoni au ya mahakama na kitambulisho, aombe arudishiwe. Kama aliyeweka ni ndugu au mwenye gari, pesa hurudi kwa jina lililo kwenye risiti, kwa hiyo ni huyo anayepaswa kwenda.