Kufunga senario ni nini: jina, numero na nyota ya pembeni

Mukiwa watatu munaandika senario moja, itafika siku yenye mtu mmoja anaunganisha mafaili yote, na hapo njo mutaona kama kila mtu alikuwa anaandika filme yake. Stori inaweza kuwa inashikana vizuri kabisa, lakini karatasi haishikani. Mmoja ameandika INT. na EXT., mwingine NDANI na NJE, wa tatu alitumia simu basi hana hata numero ya sene. Kusafisha vitu hivyo, kiisha kukataza visisogee tena, njo tunaita kufunga senario. Toka siku senario inatumwa kwa ekipe (realizateri, asistan, skripti, watu wa kostimu), sene ikiitwa 12 itabaki 12 mpaka montaje iishe, hata kama dunia inageuka. Mbele ya siku ile panga na pangua vile unataka.

Nitaeleza na kazi moja tuliyofanya hapa Goma, episode moja ya serie, sene 38, waandishi watatu. Tulifanya makosa yote, karibu kwa mpangilio.

Tuanze na majina. Kuna mhusika mmoja, mama wa binti anaitwa Furaha. Mwandishi wa kwanza alimuandika MAMA FURAHA, wa pili MAMA YA FURAHA, wa tatu juu ya haraka MAMA F. Sisi tunasoma, tunaelewa bila shida, ni mama uleule. Lakini asistan hasomi stori, yeye anatoa orodha: nani anasema, sene gani, siku gani aitwe. Na programu ya senario nayo inaangalia herufi tu, kwake nukta moja inatosha kuzaa mtu mupya. Basi mama wetu mwenye sene 14 akatokea ku orodha kama wamama watatu, mmoja na sene 9, mwingine 3, mwingine 2. Siku ya zile sene 3 aktrisi hakuitwa, juu jina lake halikuwa ku karatasi ya siku. Tulikaa Himbi na kamera tayari, tunamungojea atoke Katindo na motari, na jua linashuka.

Kitu chenye kilinifungua macho ni hiki: lile jina la herufi kubwa juu ya maneno ya mtu ni etiketi, haiko namna watu wanamuita. Kwetu mtu mmoja iko na majina mingi kwa haki yake, mtoto anamuita mama, jirani anasema Mama Furaha, bwana yake anasema chérie, kaka yake anasema yaya. Hiyo yote iache ndani ya maneno, usiiguse, ni utamu wa lugha. Etiketi njo inapaswa kuwa moja, toka paje ya kwanza mpaka ya mwisho:

```
JIRANI
Mama Furaha, habari ya huku?

MAMA FURAHA
Njoo uingie, usisimame ku mlango.

FURAHA (O.S.)
Mama! Maji inachemka!
```

Ile (O.S.) haiko sehemu ya jina. Inasema mtu yuko pale pale lakini kamera haimuoni, na sauti yake inachukuliwa siku ile ile ya turnaje. Ingine ni (V.O.), sauti yenye iko nje ya tukio kabisa, kama mtu anasimulia, hiyo mara nyingi inarekodiwa kisha. Wengi hapa wanaandikaka tu (OFF) kwa zote mbili, na mtu wa sauti anabaki anauliza kama aktrisi aje ao asije. Muchague moja kwa kila maana, basi.

Sasa kuwa mwangalifu na ile «tafuta na ubadilishe» ya Word. Kati kati ya kazi tulitaka binti abadilishwe jina, Furaha awe Neema, mwenzetu akabonyeza kubadilisha yote kwa mara moja. Unaona tayari shida iko wapi. Pasta wa sene ya 31 mwenye alikuwa anasema «moyo wangu umejaa furaha» akaanza kusema umejaa neema, hiyo bado inapita, ni pasta. Lakini bibi mwenye alisema «sina furaha na ndoa hii» akawa hana neema na ndoa hii, na hakuna mtu aliona mpaka kusoma kwa sauti. Majina yetu mingi ni maneno ya kawaida, Baraka, Amani, Riziki, Bahati, basi weka alama ya kuheshimu herufi kubwa na ndogo, utafute FURAHA ya herufi kubwa kwanza, kiisha zile za ndani ya maneno uzipitie moja moja kwa macho. Tulirudi ku Furaha mwishoni, lakini ile asubuhi ilikuwa imepotea.

Majina ya mahali yanafuata sheria ileile, sitakaa sana hapo. KWA MAMA FURAHA na NYUMBA YA FURAHA kama ni parcelle moja, liwe jina moja, la sivyo watakutafutia nyumba mbili.

Numero sasa, hapa njo kuna maumivu. Faili yetu ilikuwa ya Word na numero zilijiandika zenyewe, ile liste ya otomatiki. Kama bado munaandika haina neno. Lakini tulikuwa tumeshatuma senario kwa ekipe, sene 20 na 21 zimeshapigwa, njo mwenzetu mmoja akaongeza sene fupi kisha ya 11, Baraka anapokea simu ndani ya gari. Word ikasukuma zote, 12 ikawa 13, mpaka 38 ikawa 39, kimya kimya. Ku klapu na ku vikaratasi vya skripti imeandikwa 20. Ku senario mupya 20 ni ile yenye jana ilikuwa 19. Monteri anafungua picha za 20, anaona watu wanalia ku matanga, anaangalia senario, inasema watu wanauza makala. Akatupigia simu akauliza kama tumechange stori.

Dawa yake ni herufi. Sene mupya kati ya 11 na 12 inaitwa 11A, ikija ingine nyuma yake 11B, na zote zingine zinabaki pale zilikuwa. Wengi wanaruka I na O, juu 11I ku klapu inafanana na 111, na O inafanana na sifuri. Sene yenye imetolewa, numero yake haipewi mtu mwingine, unaiacha tupu na unaandika, ili mtu asifikiri paje imepotea:

```
11.   EXT. SOKO YA BIRERE - MCHANA
11A.  INT. GARI YA BARAKA - MCHANA
12.   INT. KWA MAMA FURAHA - USIKU
17.   IMEONDOLEWA
```

Sene ikihama, tuseme 24 inaenda kukaa mbele ya 30, inazaliwa upya kama 29A na pale pa zamani unaandika 24 IMEONDOLEWA. Lakini kama 24 imeshapigwa, mi naonaka ni bora kuiacha ku karatasi, monteri ataihamisha mwenyewe ku mashini, juu picha zake tayari ziko na jina.

Na kama numero zimeshahama kama zetu? Usijaribu kukumbuka. Tulichukua PDF ya mwisho yenye ekipe ilipokea, tukachora tablo ya safu mbili, kushoto kichwa cha kila sene na numero ya ile PDF, kulia numero ya faili mupya, tukapita moja moja. Penye haziko sawa, ya ekipe njo inashinda, hata kama ya kwetu ni mupya zaidi na nzuri zaidi. Kiisha tukazima liste ya otomatiki na tukaandika numero kwa mukono. Final Draft, ile programu ya kuandikia senario, iko na kitufe cha kufunga numero, ukitumia ile inakuwekea A na B yenyewe, lakini ku Word ni vidole vyako.

Kumebaki nyota. Senario ikishafungwa, kila mstari wenye umebadilika unapata nyota pembeni ya kuume, ili aktere mwenye ameshajifunza maneno aone haraka nini ya kujifunza upya. Nyota inahesabiwa toka versio ya mwisho yenye watu walipokea, haihesabiwi toka mwanzo wa dunia. Kwa hiyo mbele ya kuanza versio mupya unafuta nyota za zamani zote. Sisi tulikuwa tunaziacha, versio ya tatu ikawa na nyota kila mahali, na nyota ikiwa kila mahali ni sawa na hakuna.

Kosa ingine ilikuwa yangu mwenyewe. Nilisafisha MAMA F. na MAMA YA FURAHA zote huku alama za mabadiliko zimewashwa, zikatoka nyota karibu kila mahali mama anasema, na kati yao kulikuwa mistari miwili tu yenye maneno yake yalibadilika kweli. Aktrisi hakuiona, na mi simulaumu. Njo sababu naanza na majina, kiisha numero, na nyota zinakuja mwisho: usafi wa umbo unafanywa alama zikiwa zimezimwa, na ku paje ya mbele unaandika mstari mmoja, «MAMA F. na MAMA YA FURAHA sasa ni MAMA FURAHA, maneno hayajabadilika». Mstari ukitolewa kabisa, weka nyota ku mstari wenye umebaki karibu, juu hakuna pa kuiweka pengine. Na ile alama nyekundu ya Word yenye inaonyesha nani alifuta nini, hiyo ni yetu sisi waandishi ndani ya nyumba, usitume kwa ekipe karatasi yenye mistari imekatwa katwa.

Desturi ya sinema, ya Wamarekani zaidi, ni kuchapa kila versio ku karatasi ya rangi: nyeupe, kiisha bulu, roze, jano, kijani, na zingine zinafuata, na unachapa tu zile paje zimebadilika. Huku kwetu nani ananunua karatasi ya roze, watu wanasomea PDF ku WhatsApp, tena ku simu yenye kioo kimepasuka. Tumechukua jina la rangi bila rangi. Juu ya kila paje tunaandika BULU na tarehe, faili nayo inaitwa hivyohivyo, na ku grupe ya turnaje anaruhusiwa kutuma mtu mmoja tu. Asubuhi mbele ya sene ya kwanza asistan anauliza kwa sauti, «muko ku rangi gani?», na mwenye anajibu roze wakati wengine wako ku jano anatumiwa faili pale pale, mbele hata ya kuvaa kostimu.